Miungano ya utetezi na mitandao ya sera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kupitia Sheria za Ardhi za Tanzania

Majibu yote hapa yanafuata kisa kimoja: mageuzi ya sheria za ardhi Tanzania Bara, kuanzia tume ya 1991 hadi sheria mbili za 1999 na marekebisho yaliyofuata. Tumekichagua kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa, kwamba muungano mmoja unaweza kupata sehemu kubwa ya ulichoomba huku wenzake wa jirani, wenye hoja nzito vilevile, wakiondoka mikono mitupu.

Mtandao wa sera na muungano wa utetezi vinatofautianaje?

Mtandao wa sera ni watu wote wanaoshughulika na jambo moja kwa muda mrefu hadi wakajuana. Kwenye ardhi utawakuta maofisa wa wizara, wabunge wa kamati husika, wahadhiri, mawakili, waandishi wa habari, mabenki, wafadhili na asasi za kiraia. Wanakutana kwenye warsha zilezile na kusoma rasimu zilezile. Hiyo haina maana kwamba wanakubaliana.

Muungano wa utetezi ni kundi lililomo ndani ya mtandao huo, lenye mambo mawili kwa pamoja: imani moja ya msingi kuhusu sera, na kazi inayopangwa pamoja, hata kama ni kwa kiasi kidogo. Likikosekana la pili, hao ni watu wa mawazo mamoja tu. Likikosekana la kwanza, huo ni ubia wa mradi, na fedha zikiisha kila mtu anashika njia yake.

Kosa la kwanza la wachambuzi wapya ni kuchora mstari kati ya "serikali" na "asasi". Waliolifanyia kazi wazo hili tangu miaka ya 1980, Paul Sabatier na Hank Jenkins-Smith wa Marekani, walisisitiza kwamba miungano huvuka mstari huo. Ofisa wa wizara anaweza kuwa upande mmoja na asasi fulani, na mbunge wa chama tawala akawa upande mmoja na profesa anayeikosoa serikali.

Kwa nini inasemwa tusubiri angalau miaka 10 kabla ya kuhukumu?

Kwa sababu ukitazama miaka miwili au mitatu utaona kelele tu. Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi iliteuliwa Januari 1991 na Rais Ali Hassan Mwinyi, mwenyekiti akiwa Profesa Issa Shivji. Iliwasilisha ripoti Novemba 1992. Sera ya Taifa ya Ardhi ilipitishwa 1995, Bunge likapitisha sheria mwanzoni mwa 1999, na sheria zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Mtu aliyetathmini mwaka 1995 angesema wanawake hawakupata cha maana. Aliyetathmini mwaka 1999 angesema wameshinda. Aliyetathmini mwaka 2008 angetaka kwanza aone fomu za benki, kama tutakavyoona mbele.

Hizo "imani" zina ngazi gani?

Ni tatu, na tofauti yake ndiyo ufunguo wa kisa kizima.

Ngazi ya ndani kabisa ni jinsi mtu anavyoiona dunia: usawa, uhuru, nafasi ya dola, thamani ya mila. Hiyo haibadilishwi na warsha. Ngazi ya kati ni imani kuu ya sera, yaani msimamo kuhusu jambo lenyewe, kwa mfano nani awe na mamlaka ya mwisho juu ya ardhi. Hii hubadilika kwa nadra, na mara nyingi ni kwa sababu ya mshtuko mkubwa kutoka nje. Ngazi ya juu ni imani za utekelezaji: fomu iweje, kamati iwe na watu wangapi, kesi ianzie wapi. Hapa watu husikilizana na kubadilika.

Kabla hujaandika madai yako, kila dai liulize: kwa mpinzani wangu, hili linagusa ngazi ipi? Unaweza kukuta dai lililo moyoni mwako, kwake yeye ni jambo la utekelezaji. Hapo una bahati. Na unaweza kukuta dai unaloliona dogo limegusa roho yake.

Kwenye ardhi, imani kuu iliyogombaniwa ilikuwa ipi?

Sheria ya kikoloni ya ardhi ya 1923 iliitangaza ardhi yote kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Baada ya uhuru mamlaka hayo yakaenda kwa Rais. Wananchi walibaki na haki ya kukaa na kutumia, na wenye ardhi za mila walikuwa dhaifu zaidi, hasa baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliyowahamisha mamilioni ya watu bila kupanga vizuri hatima ya haki zao za zamani.

Tume ya Shivji ilizunguka mikoani, ikafanya mikutano ya hadhara na kuwasikiliza maelfu ya wananchi. Pendekezo lake kuu lilikuwa kuondoa mamlaka ya mwisho juu ya ardhi mikononi mwa Serikali Kuu: ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji, na ardhi ya taifa iwe chini ya chombo huru kinachowajibika kwa Bunge.

Upande wa pili ulikuwa wizara na sehemu kubwa ya Serikali. Wao waliamini kwamba bila Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote, nchi haiwezi kupanga maendeleo wala kutoa ardhi kwa wawekezaji. Sera ya 1995 ilibakiza udhamini huo wa Rais. Muswada ulioandaliwa 1996 kwa msaada wa profesa Mwingereza, Patrick McAuslan, ulijengwa juu ya sera hiyo. Kwa hiyo mjadala wa 1997 hadi 1999 ulianza jambo kubwa likiwa limekwisha kuamuliwa.

Miungano ilikuwa mingapi?

Tukihesabu kwa imani kuu, tunapata mitatu.

Wa kwanza ni ule wa Serikali tulioueleza. Wa pili ulijengwa kuzunguka HAKIARDHI, taasisi ya utafiti wa haki za ardhi iliyoanzishwa 1994. Mwaka 1997 uliunda jukwaa la ardhi la taifa na kutoa Azimio la Uhai, lililotaka mapendekezo ya tume yarudi mezani na wananchi wapewe muda wa kujadili. Wa tatu ulikuwa kikosi kazi cha jinsia na ardhi, nacho cha 1997, kilichoratibiwa na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kikiwa na wenzake kama TAMWA ya wanahabari wanawake, TGNP, mtandao wa jinsia, na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake.

Wa pili na wa tatu walikuwa marafiki. Baadhi ya watu walikaa kwenye vikao vya pande zote mbili. Hapo ndipo mambo yanapovutia.

Kwa nini kikosi cha wanawake na jukwaa la ardhi hawakusimama pamoja hadi mwisho?

Kwa sababu swali kuu la kila mmoja lilikuwa tofauti. Jukwaa liliuliza: nani anamiliki ardhi, dola au kijiji? Kikosi kiliuliza: mwanamke yupo wapi, iwe ardhi ni ya dola au ya kijiji? Ardhi ikirudi kijijini chini ya mila bila kinga ya sheria, mjane anayefukuzwa na mashemeji hapati nafuu. Ndiyo maana wanasheria wanawake wengi waliona tume haikwenda mbali vya kutosha kuhusu urithi na mila.

Basi ulipofika wakati wa muswada, mikakati iligongana. Jukwaa lilitaka muswada usiharakishwe. Kikosi kilitaka muswada upite, mradi vifungu vya wanawake viwemo, maana kila mwaka wa kungoja ulikuwa mwaka mwingine wa wanawake kupoteza mashamba. Ni rahisi kuwaita wa upande mmoja wasaliti na wa upande mwingine wakaidi. Sisi tunaona kila upande ulifuata imani yake kuu kwa uaminifu. Kosa lilikuwa kudhani urafiki wa muda mrefu ni sawa na imani moja.

Dalili ya mapema ya mpasuko wa aina hii ni rahisi kuiona. Waulize wenzenu wote, kila mtu peke yake, waandike sentensi moja: "Tukipata hili tu na mengine tukayakosa, tutakubali." Sentensi zikitofautiana, mna miungano miwili iliyoketi meza moja. Ni heri kulijua hilo mapema, mkakubaliana wapi mtatembea pamoja na wapi mtaachana bila kuchafuana.

Wanawake walipata nini hasa?

Tuangalie maandishi yenyewe. Kifungu cha 3(2) katika Sheria ya Ardhi Na. 4 na katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, kinatamka kwamba haki ya kila mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi ni sawa na ya mwanamume yeyote, kwa kiwango kilekile na masharti yaleyale. Kifungu cha 20(2) cha Sheria ya Vijiji kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi. Kifungu cha 60 kinataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi kinaanza na dhana kwamba ardhi iliyopatikana kwa matumizi ya wanandoa ni yao kwa pamoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Sasa rudi kwenye ngazi za imani. Hakuna hata kimoja kati ya vifungu hivi kinachogusa mamlaka ya Rais. Kwa wizara, haya yalikuwa mambo ya utekelezaji ambayo wangeweza kuyakubali bila kuacha imani yao. Kwa kikosi, yalikuwa kiini. Jukwaa liliomba kitu ambacho kilikuwa kiini kwa pande zote mbili, na kwa sababu hiyo halikukipata, hata ingawa lilikuwa na ripoti ya tume ya Rais mkononi.

Walifanyaje kazi?

Kazi kubwa ilikuwa ya kuchambua muswada kifungu kwa kifungu na kuandika maneno mbadala. Hilo linaonekana dogo, lakini mbunge aliye kwenye kamati hana muda wa kusikia kwamba "muswada haumjali mwanamke". Anahitaji karatasi inayosema: kifungu hiki, maneno haya yaondoke, haya yaingie, na sababu yake ni hii. Karatasi ya ukurasa mmoja kwa kifungu kimoja inatosha. Ikizidi hapo, haisomwi.

Pili, waligawana kazi kwa ujuzi. Wanasheria waliandika, wanahabari wakapeleka mjadala redioni na magazetini, na asasi za mafunzo zikatafsiri lugha ya kisheria kuwa Kiswahili cha kila siku. Hilo la mwisho lilikuwa la lazima, kwa kuwa muswada wenyewe ulikuwa wa Kiingereza.

Tatu, walizungumza na wabunge wenyewe, wakiwemo wanawake wa viti maalumu, ambao tangu uchaguzi wa 1995 walikuwa wengi zaidi bungeni. Mahali pa kupenyeza maneno ni hatua ya kamati, baada ya muswada kusomwa mara ya kwanza. Ukifika mara ya pili, mjadala ni wa hadhara na Serikali haipendi kuonekana imerudi nyuma. Muswada ukija kwa hati ya dharura, nafasi hiyo hupungua sana, kwa hiyo maneno mbadala lazima yawe tayari kabla muswada haujachapishwa.

Mshtuko kutoka nje ulisaidia?

Ulisaidia sana, ila haukufanya kazi peke yake. Mageuzi ya uchumi ya katikati ya miaka ya 1980 yalileta wawekezaji, na kwao hati za ardhi zilikuwa na thamani mpya. Vyama vingi vilirudi 1992, asasi zikapata nafasi. Mkutano wa Beijing wa 1995 uliongozwa na Mtanzania, Gertrude Mongella, akiwa katibu mkuu wake, na Serikali ikarudi nyumbani na ahadi ambazo wanawake wangeweza kuikumbusha.

Mahakama nazo zilitikisa mambo kutoka ndani. Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya Ephrahim na Pastory, aliamua kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo inapingana na Katiba. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Akonaay, ilisema haki ya ardhi ya mila ni mali inayolindwa na Katiba, ikabatilisha sehemu za sheria ya 1992 iliyotaka kuzifuta haki hizo kwenye vijiji vilivyoanzishwa. Hukumu hizi mbili ziliwapa watetezi maneno ambayo wizara haikuweza kuyapuuza.

Mshtuko ni kama mvua za vuli: humnufaisha aliyekwisha kulima. Beijing iliwakuta TAWLA, TAMWA na wenzao wakiwa na ofisi, wanachama na utafiti. Kundi linaloanzishwa baada ya mshtuko hutumia mwaka mzima kutafuta katiba na akaunti ya benki, na dirisha linafungwa.

Kuna hatari gani ya kujitokeza?

Hatari ya kweli. BAWATA, baraza la wanawake lililoanzishwa katikati ya miaka ya 1990, lilifutiwa usajili 1997 kwa madai ya kufanya siasa. Mahakama Kuu ilikuja kusema ufutaji huo haukuwa halali, lakini ni mwaka 2009, miaka 12 baadaye, chombo kikiwa kimeshakufa. Tofauti moja na kikosi cha ardhi inafaa kuzingatiwa: kikosi hakikuwa asasi moja yenye usajili mmoja. Kilikuwa asasi nyingi zilizosajiliwa kila moja kivyake. Ukiifuta moja, maneno ya kifungu yanabaki kwenye meza za nyingine.

Nitautambuaje muungano kwa ushahidi, siyo kwa kuhisi?

Kusanya maandishi ya wadau: maoni kwenye kamati, matamko, makala za magazeti, hotuba za Hansadi. Chagua maswali machache ya imani kuu, matatu yanatosha. Kwa kisa hiki tungeuliza: je, mamlaka ya mwisho yabaki kwa Rais? Je, muswada upite sasa? Je, sheria ibatilishe mila inayombagua mwanamke? Kila mdau mpe alama 1 akisema ndiyo, -1 akisema hapana, 0 akinyamaza.

Tukifuata matamko ya wakati ule, Serikali inapata 1 kwenye swali la kwanza na la pili, na kwenye la tatu inasogea kutoka ukimya kuelekea 1. Jukwaa linapata -1 na -1 kwenye mawili ya mwanzo. Kikosi kinapata 1 kwenye la pili na la tatu, na kwenye la kwanza hakikuweka uzito wake hapo. Umeona? Kwenye swali la pili, kikosi kiko upande wa wizara.

Hatua ya pili ni kutafuta nani anafanya kazi na nani: nani walisaini tamko moja, walitoa maoni pamoja, walitumiana rasimu. Alama zinazofanana bila kazi ya pamoja hazitoshi. Na usihesabu ukimya kama kukubali. Hapo ndipo uchambuzi mwingi huharibika.

Sheria ikipita, muungano unaweza kupumzika?

Hapana, na kisa hiki kinaonyesha kwa nini. Sheria ya 1999 ilikuwa na kinga nyingi kwa mkopaji na mwenzi wake. Mabenki yakalalamika kwamba haiwezekani kukopesha kwa dhamana ya ardhi kwa masharti hayo. Marekebisho yakaja 2004, na mengine 2008 kupitia sheria ya mikopo ya nyumba.

Kanuni kwamba nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi ilibaki. Lakini jinsi ya kuithibitisha ilibadilika. Benki sasa inaweza kuhesabiwa imetimiza wajibu wake mkopaji akitamka kwa kiapo au kwa maandishi yenye shahidi kama ana mwenzi au hana. Anayedanganya kwa makusudi anatenda kosa la jinai, sawa. Ila karatasi moja ya kiapo inayosema "sina mke" ikishagongwa mhuri, mke huyo huenda akajua habari ya mkopo siku dalali anapogonga mlango.

Hivi ndivyo ushindi wa utekelezaji unavyoliwa: kanuni haiguswi, inabadilishwa fomu. Muungano unaotaka kulinda ulichopata uwe na mtu anayesoma kanuni ndogo, fomu na marekebisho kila mwaka, hata wakati hakuna kampeni.

Na urithi?

Urithi haukuguswa na sheria za 1999 kwa namna iliyotarajiwa. Amri ya sheria za mila ya 1963 inawaweka wajane na mabinti nyuma ya wanaume kwenye mirathi. Wajane wawili wa Shinyanga waliipeleka mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzibatilisha. Rufaa yao ilitupwa 2010 kwa kasoro za nyaraka. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki zao.

Kwa nini hapa kumekuwa kugumu hivi, ilhali vifungu vya 1999 vilipita? Kwa sababu urithi unagusa ukoo, dini na mila kwa pamoja, yaani ngazi ya ndani kabisa, na kwa watu wengi zaidi ya maofisa wa wizara. Muungano wa Mama Ardhi ulijaribu njia nyingine: kuingiza haki ya mwanamke kumiliki ardhi kwenye Katiba. Ikaingia kwenye Katiba Inayopendekezwa ya 2014, kisha kura ya maoni iliyopangwa 2015 ikaahirishwa. Rasimu hiyo ingali na maneno yake.